Tupeane uzoefu: raba ya kuzuia maji mlangoni mwa bafu, nani imemsaidia kweli?

MamaPacha_TBR: Wakuu habari za jioni. Niko Tabora hapa Kiloleni, nyumba ya kupanga. Bafu lipo ndani na mlango wake unafungukia korido, sasa mtu akimaliza kuoga korido lote maji, na nina watoto wawili wadogo, juzi mmoja kateleza kajigonga kichwa. Nikanunua ile raba laini ya silikoni inayobandikwa chini mlangoni kama katuta, ina urefu kama sm 3. Wiki mbili safi kabisa, ya tatu maji yakaanza kutoka tena na raba yenyewe bado imeshika! Waliowahi kuibandika tupeane uzoefu.

Kijana wa Gungu: Hapo ulinunua fupi dada, tafuta ya sm 5, maji hayaruki hayo.

Chatu77: Hata mimi hapa Mwanga Kigoma mvua ikinyesha na upepo wa ziwani maji yanapita chini ya mlango wa sebuleni mpaka kwenye kochi, hizo raba zinauzwa wapi?

MamaPacha_TBR: Mkuu yako ni ya mvua, mimi naongelea ya kuoga 😂

FundiTaili: Chatu, mlango wa nje una dawa yake, ile raba ya kupigilia chini ya ubao wenyewe. Hii ya bafuni inakaa sakafuni, usije ukaibandika kizingitini hapo kwako wageni wakaanguka.

Dada, kama raba imeshika na maji yanatoka basi hayapiti juu yake, yanapita chini au pembeni. Fanya hivi, kausha sakafu yote, tandaza tishu upande wa korido kuifuata raba kutoka fremu hadi fremu, halafu upande wa bafuni mwaga maji kikombe kimoja taratibu. Angalia tishu inaanza kulowa wapi.

MamaPacha_TBR: Nimefanya saa hizi. Imelowa sehemu mbili, katikati pale taili mbili zinapokutana, na kwenye kona ya kushoto karibu na fremu.

FundiTaili: Nilijua tu. Ule mstari kati ya taili na taili uko chini kidogo kuliko taili zenyewe, raba ukiilaza juu yake inabaki kama daraja na maji yanapita chini kama mferejini. Na pembeni raba imegota tu kwenye fremu, haijazibwa. Fremu ni ya mbao?

MamaPacha_TBR: Ya mninga, chini imeanza kuwa nyeusi.

FundiTaili: Basi maji yanaingia mpaka nyuma ya fremu, usichelewe. Bandua raba, kwangua gundi yote kwa wembe, silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Sugua mafuta ya sabuni yaishe, acha pakauke usiku mzima, pangusa na spiriti. Jaza ule mstari kwa silikoni mpaka uwe sawa na taili, laza raba, halafu zungushia silikoni pembeni zote na uipandishe kidogo kwenye fremu. Masaa 24 hamna kuoga hapo. Silikoni inakauka kuanzia juu, ukiigusa utadhani tayari kumbe ndani bado uji.

Kijana wa Gungu: Mimi yangu nilibandika sakafu ikiwa mbichi mbichi na inadunda mpaka leo.

FundiTaili: Umebahatika. Ila urefu unasaidia pale tu maji yanaporuka juu, kwake hayaruki. Tena dada, weka gololi katikati ya bafu uone inakimbilia wapi.

MamaPacha_TBR: Sina gololi nimeweka betri ya rimoti, imebingirika mpaka mlangoni 😭

FundiTaili: Aisee. Sakafu imelalia mlangoni badala ya kwenye tundu la maji. Raba itazuia, ila kila mkioga maji yatatuama hapo na itabidi uyasukume na fagio la mpira. Dawa yenyewe ni kuibomoa sakafu na kuilaza upya, kila mita ishuke sm 1 hadi 2 kuelekea tundu. Hiyo kazi ya mwenye nyumba.

Bibi Ujiji: Mimi nyumbani fundi alijenga tuta la saruji na taili juu, maji hayatoki hata tone, lakini mama yangu ana miaka 78 alijikwaa usiku akavunjika mkono. Tukalivunja. Sasa tumeweka raba laini inayolala ukiikanyaga, maji kidogo yanatoka ila heri nipige deki.

Kijana wa Gungu: Si mpake tu rangi nyeupe hilo tuta alione?

Bibi Ujiji: Umeme ukikatika ataiona na nini mjukuu wangu?

MamaPacha_TBR: Nimempigia mwenye nyumba kuhusu sakafu, kasema nyumba hii wapangaji wanne wamepita hakuna aliyelalamika. Kesho naanza kukwangua. Fundi, hiyo fremu iliyoanza weusi ikikauka inarudi au ndo basi tena?

FundiTaili: Choma na msumari pale peusi. Ukigoma kuingia, iache ikauke wiki nzima ndo upige vanishi. Ukizama, nitumie picha kwanza.