Tupeane uzoefu: mgonjwa wenu wa kiharusi alipigwa CT au MRI?

Mwana wa Ujiji: Baba yangu alikuwa anatoka kuswali magharibi mkono wake wa kulia ulipolegea, mdomo ukapinda na maneno yakawa hayaeleweki. Ndani ya saa mbili alikuwa amekwishapigwa CT skani ya kichwa, tukaambiwa haionyeshi kitu. Kaka yangu alidai apelekwe Mwanza kwenye MRI usiku uleule. Daktari alikataa, alimjaribu kumeza maji, na alipoona hapaliwi akampa aspirini. Kesho yake jioni CT ya pili ilionyesha doa jeusi upande wa kushoto wa ubongo. Je, ya kwanza ilisomwa vibaya?

Mama Nzega: Pole, mwanangu. CT haioni kiharusi. MRI ndiyo inayoona, tena haina mionzi. Mngemsikiliza kaka yako.

Mpiga Picha, Tabora: Shikamoo, Mama Nzega. Umesema kweli kwa nusu. Damu ikivuja ndani ya kichwa, CT huionyesha palepale kama doa jeupe, na hilo ndilo swali la usiku wa kwanza, kwa sababu aspirini anayopewa mtu ambaye mshipa wake umeziba inaweza kumdhuru ambaye mshipa wake umepasuka. Mshipa ulioziba ni jambo jingine: sehemu ya ubongo iliyokosa damu huchukua saa kadhaa kabla haijabadilika rangi kwenye CT, kwa hiyo picha safi ya mapema ilimwambia daktari kwamba hakuna damu iliyovuja, haikumwambia kwamba hakuna kiharusi. MRI ingeionyesha mapema zaidi, lakini CT ya kichwa huisha kwa dakika chache, wakati MRI huweza kumtaka mgonjwa atulie nusu saa, naye huyo anatapika au anahangaika. Akitikisika, picha huharibika.

Fundi Geti: Mimi nina mgongo, si kiharusi. CT nilipigwa bila maswali, ila kwenye MRI waliniuliza kama nimewahi kuchomelea. Nilipokiri kwamba cheche ya grenda iliwahi kuniingia jichoni, walinirudisha nikapige eksirei ya macho kwanza. Nauli yangu ikapotea.

Mpiga Picha, Tabora: Wamekuokoa jicho, fundi. Sumaku ya MRI ingeweza kukisogeza kipande cha chuma kilichobaki humo. CT haina sumaku. Kwa mgongo unaotuma maumivu mguuni, MRI ndiyo inayoonyesha vizuri mshipa wa fahamu uliobanwa.

Mama Nzega: Basi na yule anayepata kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili, CT yake ikiwa safi?

Mpiga Picha, Tabora: Hapo, mama, ningemwomba daktari afikirie MRI, kwa maana sehemu ya nyuma ya ubongo imezungukwa na mifupa minene inayoichafua picha ya CT.

Mwana wa Ujiji: Kaka bado anataka tumpeleke mzee Mwanza. Daktari ameuliza jibu la MRI litabadilisha dawa gani, na hatujapata la kumjibu.