Epley au Brzycki? Programu inataka 80% na kanuni hazipatani

Kijana_Sinza: Wakuu, leo jioni naanza programu ya seti 5 za mara 5 kwa 80%. Ni 80% ya uzito wa mwisho, ule unaouinua mara moja tu, na wangu sijawahi kuupima. Nilipiga 60 mara 15. Nikiukadiria kwa kanuni, Epley inanipa 90, Brzycki 98. Sasa niweke 72 au 78?

Mzee_wa_Vyuma: 60 za zoezi gani? Pamoja na chuma kitupu cha kilo 20, au sahani tu? Na hiyo ya 15 ulimaliza mwenyewe?

Tizi_Kwanza: Chukua Brzycki, siku zote inatoa namba ndogo, haitakuumiza.

Kijana_Sinza: Kifua, na chuma kimo. Ya 15 jamaa alinisaidia kidogo.

Mzee_wa_Vyuma: Basi ni 14. Na Tizi, soma namba alizoleta mwenyewe: Brzycki ndiyo kubwa. Ni ndogo ukiwa chini ya mara 10. Kwenye 10 zinalingana, ukipita hapo Brzycki inaruka.

```
Epley:   uzito × (1 + mara/30)
Brzycki: uzito × 36 / (37 − mara)
```

Seti ndefu inapima pumzi kuliko nguvu. Kijana, ahirisha. Pumzika siku mbili, pasha misuli, tafuta uzito unaokumaliza kwenye mara 5. Tuseme ni 75: Epley 87.5, Brzycki 84. Hapo tofauti haitishi. Shika 84; 80% yake ni 67.

Mama_Tabata: Mimi nataka kupunguza tumbo, nitumie asilimia ngapi?

Tizi_Kwanza: Dada, fungua uzi wako 😂

Kigoti: Msicheze na hizi hesabu. Mwaka jana nilichuchumaa na 80 mara 20, Epley ikasema 133. Nikapakia 130, jimu ya mtaani, vizuizi vya pembeni hakuna. Nikashuka vizuri tu. Kupanda, magoti yakaanza kuingia ndani, nikabaki chini kama nasubiri daladala. Jamaa wawili wakauvuta ule mzigo, mmoja akavuta mapema kuliko mwenzake, ukalala upande mmoja. Mgongo uliniuma wiki tatu. Baadaye nilipima vizuri: uzito wangu wa mwisho ulikuwa 110.

Kijana_Sinza: Pole mkuu. Sasa hiyo 67 naipangaje? Sahani ndogo kabisa hapa ni 2.5.

Mzee_wa_Vyuma: Weka 65: kila upande 20 na 2.5. Usipandishe hadi 70, hiyo ni 83% tayari. Seti ya tano ikiwa laini, wiki ijayo ongeza.

Zege_Mbagala: Sisi sahani zetu ni makopo ya zege. Nilizipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu: ile ya "20" ina 17, pacha wake 21. Asilimia za nini hapo?

Tizi_Kwanza: Ndiyo maana bega lako moja limeshuka 😂 Mizani yenyewe ya chakavu unaiamini?

Zege_Mbagala: Ya kununulia au ya kuuzia?