Mada: Ruhusa ya siku ya akika, meneja hanielewi

Mpishi wa Tanga

Assalaam alaykum ndugu zangu mlioko huku Malindi. Mke wangu amejifungua salama mtoto wa kiume Alhamisi usiku, baada ya isha. Napika katika hoteli moja ya ufukweni, nina miezi saba sasa, ila malipo yangu bado ni ya kibarua, kwa siku. Nimemwomba meneja ruhusa ya Jumatano ijayo nifanye akika. Kajibu kwamba ofu yangu ni Jumatatu, mtoto apewe jina Jumatatu. Tena mama mkwe anasema hata hiyo Jumatano siyo. Wazee wangu wanatoka Tanga kwa basi, wavuke Horohoro na kivuko cha Likoni, nao wanataka kujua siku. Nimwandikieje?

Dereva wa Muyeye

Hongera kaka. Usijisumbue kuandika. Sheria ya Kenya inampa baba wiki mbili na mshahara kamili. Kaa nyumbani, ukirudi mwambie ulikuwa kwa mtoto.

Mama Wawili

Mimi nilipowatia wanangu jandoni nilichukua siku za likizo ya mwaka, niliomba mapema, Desemba, shule zimefungwa. Mbona na wewe usingoje Desemba, watoto wote wako nyumbani?

Dereva wa Muyeye

Dada, huyu mtoto ana siku mbili duniani.

Bi Maweni

Mwanangu Mpishi, hongera, Mungu amkuze. Nimekaa ofisi ya wafanyakazi hotelini miaka mingi, wacha niseme.

Kwanza siku. Mama mkwe wako yuko sawa. Siku yetu inaanza magharibi, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi baada ya isha ni mtoto wa usiku wa Ijumaa. Sisi Mashafi tunaihesabu Ijumaa kuwa ya kwanza, na ya saba inaangukia Alhamisi. Ukitaka kujihakiki, siku ya akika ni ile inayotangulia siku aliyozaliwa. Wewe umehesabu kwa saa ya ukutani ndiyo maana ukapata Jumatano. Basi kwenye barua usitaje "Alhamisi usiku" hata kidogo, maana meneja ataisoma kivyake na mkwe wako kivyake. Andika tarehe.

Pili, Dereva ana nusu ya haki. Wiki mbili za baba zimo katika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, na utanzania wako hauziondoi. Lakini kukaa nyumbani bila ruhusa ni sababu mojawapo ya kufukuzwa papo hapo katika kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo. Na meneja atakwambia kibarua hana likizo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo jumla ya mwezi au zaidi anahesabiwa kuwa wa mwezi. Miezi saba umeshapita. Ila usimrushie vifungu barua ya kwanza, weka akiba.

Tatu, usiandike kwamba dini inakulazimisha. Akika ni sunna, na kuchinja unaweza kumwachia mtu mwingine. Meneja akimuuliza Mwislamu yeyote pale ofisini barua yako imekufa. Sema lililo kweli: baba ndiye anayepokea watu na kutangaza jina, na wazee wako wanavuka mpaka kwa ajili ya siku hiyo. Mimi ningeandika hivi:

"Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume tarehe fulani, nakala ya karatasi ya hospitali nimeambatisha. Naomba likizo ya baba ya wiki mbili kuanzia kesho. Ikiwa haiwezekani sasa, naomba angalau Alhamisi tarehe fulani, siku ya saba, ambapo familia yetu huchinja na kumpa mtoto jina. Siku hiyo haiwezi kupangwa kabla mtoto hajazaliwa. Fulani wa jikoni amekubali kushika shifti yangu, nami nitafanya kazi Jumatatu yangu ya ofu."

Huyo fulani mpate kwanza, aweke sahihi. Meneja wa hoteli anaogopa jiko tupu.

Mzee wa Shela

Bi Maweni kasema vyema, ingawa mashekhe wengine hawaihesabu siku ya kuzaliwa, kwao inakuwa Ijumaa. Na ikikosekana ya saba, wengi husogeza hadi ya kumi na nne. Mbuzi wawili kwa mume, usisahau. Na nywele akinyolewa zipimwe, utoe sadaka uzito wake wa madini ya fedha.

Mpishi wa Tanga

Ahsanteni. Shikamoo Bi Maweni. Mwenzangu wa vitafunio amekubali Alhamisi, lakini anataka nimshikie Jumapili mbili. Barua nimeipeleka, meneja kaiweka mezani, hajasema kitu. Wazee nimewaambia Alhamisi. Mbuzi mmoja nimempata Gongoni, wa pili bado.