HandBrake, ffmpeg au laptopu nyingine? Klipu za aifoni zimegoma kuingia kwenye Premiere

Mwanjelwa_Studio
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya harusi. Nilipiga mwenyewe kwa kamera yangu, ila dada wa bibi harusi kaniletea klipu alizochukua kwa simu kanisani, na familia inataka ziwemo. Nikiziingiza kwenye programu ya kuediti zinakataa. Nimefikiria njia tatu: kuzigeuza kwa HandBrake, kuzigeuza kwa ffmpeg ambayo nasikia ndiyo ya haraka, au nichukue laptopu ya mtumba niliyoiona Kabwe, laki saba na nusu. Kazi naikabidhi Jumamosi. Ingekuwa ninyi mngefanyaje?

Kihesa_Picha
Kamwene. Unaomba dawa hujataja ugonjwa. Programu gani na ni toleo la mwaka gani? Inakataa kwa maneno gani? Simu gani? Kompyuta uliyonayo ikoje?

Bomani88
Usihangaike kugeuza. Ingia Microsoft Store, nunua HEVC Video Extensions, haifiki hata dola moja. Mimi nilifanya hivyo klipu zangu zikafunguka papo hapo.

Mwanjelwa_Studio
Samahani wakuu. Ni Premiere Pro CS6. Inaandika `The file has an unsupported compression type`, na klipu nyingine zinaingia sauti tupu bila picha. Simu ni aifoni 13. Kompyuta ni i5 ya kizazi cha nne, RAM 8, Windows 10. Klipu ziko 23, jumla dakika kama 100. Nimebadilisha jina la faili kutoka MOV kwenda mp4, bado.

Kihesa_Picha
Hapo sasa tunaelewana. Bomani, zako zilifunguka kwenye kichezeshi cha Windows, na hiyo nyongeza ndiyo kazi yake. Premiere inasoma video kwa kodeki zake yenyewe, na CS6 ilitoka 2012 wakati HEVC, namna ya kubana video iliyotumika kwenye klipu zako, imepitishwa 2013. Programu haikuwahi kuijua, na simu za aifoni zinarekodi kwa HEVC bila kuulizwa tangu iOS 11, mwaka 2017.

Kubadilisha jina hakusaidii kwa sababu MOV na mp4 ni magunia tu. Ukihamisha mahindi kutoka gunia moja kwenda jingine hayawi mchele wa Kyela.

Kwa hiyo na laptopu nayo iache kwanza. Ukiiwekea CS6 ileile, itakuandikia ujumbe uleule. Na kama ni ya kizazi cha sita, inafungua HEVC ya biti 8 kwa urahisi lakini ya biti 10 itaielemea. Intel walianza kuibeba vizuri ya biti 10 kizazi cha saba. Yule dada alikuwa amewasha HDR? Fungua klipu moja kwa MediaInfo utuambie `Bit depth` na `Frame rate mode` zinasemaje.

Mwanjelwa_Studio
`10 bits`, `Variable`, na chini imeandika `HLG`.

Tukuyu_Kwaya
Hiyo `Variable` ndiyo ya kuogopa, ndugu yangu, naomba nikusimulie ili usipite nilikopita mimi. Mwaka jana nilirekodiwa kwaya kwa simu, kipande kimoja cha dakika 40, ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu. Nikageuza kwa programu ya bure niliyoipata mtandaoni, nikaediti usiku kucha, nikaona mwanzo uko sawa nikaridhika. Kumbe simu gizani ilikuwa inapunguza fremu, mwangani inaziongeza. Programu ikazipanga kana kwamba zote zina mwendo mmoja. Wimbo wa kwanza midomo na sauti vilikuwa pamoja, wa tatu vikaanza kuachana, wa mwisho mwalimu wa kwaya anashusha mkono na waimbaji wanaendelea karibu sekunde mbili. Tulishagawa nakala. Niliumia sana, kwa sababu wale mama walichangishana hela za kazi ile.

Kwa hiyo usiangalie mwanzo wa klipu, ruka mpaka mwisho. Kama sauti imepishana kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, unaisogeza tu inakaa. Kama pengo linakua, hata uisogeze vipi haikai, geuza upya. Kwenye HandBrake ingia `Video`, weka `Constant Framerate`. Ukiiacha kwenye `Peak Framerate` tatizo linabaki.

Mama_Makambako
Na mimi nisaidieni, video za simu kwenye flashi, runinga inatoa sauti tu picha nyeusi. Ninunue flashi kubwa?

Tukuyu_Kwaya
Hapana mama, flashi yako nzima. Runinga nayo haiijui HEVC, ni ugonjwa huuhuu. Kwa siku zijazo, kwenye aifoni nenda `Settings`, `Camera`, `Formats`, chagua `Most Compatible`.

Kihesa_Picha
Ila hiyo haigeuzi zilizokwisha kurekodiwa, na ukihitaji 4K ya fremu 60 au HDR itakurudisha kwenye HEVC.

Mwanjelwa, kuhusu kasi: HandBrake na ffmpeg zote zinatumia x264 ileile, ukizipa kazi sawa hazipishani sana. Tofauti ni kwamba HandBrake unabofya, ffmpeg unaandika. Jaribu klipu moja kwanza.

Mwanjelwa_Studio
Nimejaribu HandBrake, 1080p, RF 18, `Constant Framerate`. Imeingia Premiere! Inageuza fremu 12 kwa sekunde. Ila gauni jeupe limekuwa la kijivu, na sura zimepauka.

Kihesa_Picha
Ni ile HLG, ambayo ni aina ya HDR. Picha ya HDR imetiwa kwenye video ya kawaida bila mwanga wake kupangwa upya. Usijaribu kuirudisha kwa rangi za Premiere, utapoteza siku. Kwa klipu hizi ningetumia ffmpeg:

```
ffmpeg -i IMG_2041.MOV -vf "fps=25,scale=-2:1080,zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k IMG_2041_25.mp4
```

Hesabu ya muda: dakika 100 kwa fremu 30 ni fremu 180,000. Kwa 12 kwa sekunde ni saa nne na dakika kumi, na kazi hii ya rangi inaweza kuongeza. Geuza klipu mojamoja, usiziunganishe. Umeme ukikatika katikati, mp4 ambayo haijafungwa haifunguki kabisa, lakini utakuwa umepoteza hiyo moja tu.

Bomani88
Mbona 25? Simu imerekodi 30. Unatupa fremu tano kila sekunde, watu wakitembea picha itaruka. Mwachie 30.

Kihesa_Picha
Kamera yake nadhani ni 25, na projekti pia. Akiacha 30, Premiere itazitupa zilezile.

Bomani88
Basi aiweke projekti nzima 30.

Kihesa_Picha
Hapo kamera kuu ndiyo itakayoruka, na ndiyo yenye sehemu kubwa ya kazi. Dawa ilikuwa kabla ya kurekodi: kwenye simu, ndani ya `Record Video`, kuna `Show PAL Formats`, inaleta 25.

Mwanjelwa_Studio
Kamera ni 25 kweli. Gauni limerudi jeupe, ndaga fijo. Klipu 14 zimeisha, na mwisho wa kila moja midomo iko sawa. Ila Bomani hakukosea kabisa: pale maharusi wanapoingia na simu inawafuata, mruko unaonekana. Kuna mtu ameshajaribu kupunguza kasi ya kipande kama hicho hadi 25 bila kutupa fremu, sauti ukaitoa kwenye kamera kubwa?

Tukuyu_Kwaya
Kwa matembezi nimejaribu, inapendeza, wanaonekana wanatembea taratibu kidogo. Ila pale kwaya inapoonekana ikiimba usithubutu.