Unga wa selfirezing au wa kawaida na beking pauda? Keki ya Jumamosi

KarafuuWete: Assalaam alaykum. Nina wageni Jumamosi kutoka Unguja, nataka kupika keki. Resipe inataka unga wa selfirezing, na hapa Wete sijauona. Niagize pakiti mjini ije na boti, au nichanganye unga wa kawaida na beking pauda? Vijiko vingapi?

MamaTende: Waalaykum salaam. Usiagize. Kikombe kimoja cha unga, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, basi. Nafanya hivyo miaka yote.

BiMkunazini: Mwanangu, vijiko vya nini? Unga kiasi gani, na resipe yenyewe ya wapi? Na je, mbali na huo unga, imetaja beking pauda nyingine?

PwaniBoy: Selfirezing si ule wenye hamira? Mama yangu anaumua mkate wa kumimina kwa hamira, unalala usiku mzima.

BiMkunazini: Hapana baba, hamira ni mambo mengine. Selfirezing ni unga uliotiwa beking pauda tayari, huumuka ndani ya joto, haulazwi. Ukilaza rojo lake, nguvu inakwisha kabla ya kufika motoni.

KarafuuWete: Samahani, sikueleza. Resipe ni ya wifi yangu aliyeko Uingereza. Unga gramu 225, siagi 225, sukari 225, mayai manne. Beking pauda haikutajwa.

BiMkunazini: Sasa tunaongea. Kwa unga wa Uingereza, weka vijiko viwili vya chai kwa kila gramu 150. Kwako ni 225, kwa hiyo vitatu. Kijiko kiwe cha kupimia, ukijaze kisha upitishe mgongo wa kisu juu kiwe sawasawa. Vijiko vya kukorogea chai vinatofautiana sana. Chekecha unga na pauda pamoja mara mbili, maana zikibaki bonge bonge utakuta vidoa na uchungu mahali pamoja. Siagi na sukari ukizipiga mpaka ziwe nyeupe na laini, hata vijiko viwili na nusu vinatosha.

MamaTende, kijiko chako kimoja kwa kikombe huiumua keki yenye mayai mengi, sikatai. Ila huo si mbadala wa selfirezing, ni pungufu yake.

MamaTende: Keki zangu hazijawahi kurudi, Bi. Pauda nyingi inaacha ladha kooni.

BiMkunazini: Hilo kweli. Ikizidi, keki huinuka haraka, kisha katikati inabonyea.

Shoga_Chake: KarafuuWete, kabla hujapima, jua kwanza ulichonunua ni nini. Mie mwaka jana nilinunua pauda dukani, imefungwa kwenye vimfuko vya nailoni visivyo na jina. Nikaweka vijiko vitatu kama hivyo. Keki ikapanda vizuri, nikafurahi. Nilipoikata, ndani ilikuwa ya kahawia ya manjano, na ukiitia mdomoni ni kama umelamba sabuni. Mume wangu alikula kipande kizima kwa heshima, watoto wakakataa. Yale yalikuwa magadi soda matupu. Siagi nusu kilo na mayai manane vilikwenda na maji.

Siku hizi natia kijiko kwenye bilauri ya maji ya kawaida. Beking pauda nzima inachemka povu hapo hapo. Magadi soda yanayeyuka kimya, mpaka uyakamulie ndimu ndipo yatoe povu. Na kama ni ya kopo na haitoi povu hata kwenye maji ya moto, imekufa. Msimu wa masika kopo lililofunguliwa haliishi sana, unyevu unaila.

KarafuuWete: Ya Rabbi, langu nami limo kwenye kifuko! Naenda kujaribu sasa hivi.

Mpemba_Asili: Jamani, mkate wa mayai unataka pauda ya nini? Ni mkono tu. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe mazito, hata ukiinua kijiko yanadondoka kama utepe. Kisha palia makaa juu na chini.

PwaniBoy: Kweli, ule wa sufuria una harufu yake.

MamaTende: Lakini siagi 225 ile itazima hayo mayai. Ile si mkate wa mayai.

BiMkunazini: Na unga je, KarafuuWete? Ukiwa wa mikate, ule wenye nguvu, keki itakuwa ngumu kidogo. Ondoa vijiko viwili vya mezani kwa kila kikombe, ujazie konfulawa.

KarafuuWete: Ni wa chapati. Na chumvi je? Mtu ameniambia unga ule una chumvi.

Shoga_Chake: Wa Kimarekani unayo. Wa Kiingereza sijaonja chumvi ndani yake. Mie natia chembe tu.

MamaTende: Usitie. Siagi ya kopo ina chumvi tayari.

KarafuuWete: Pauda imetoa povu! Nitapika nusu ya kipimo leo usiku, unga gramu 112, kijiko kimoja na nusu. Nikiona inabonyea nitapunguza kabla ya Jumamosi.

Mpemba_Asili: Na makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini.

BiMkunazini: Weye Mpemba, ana oveni yule.

KarafuuWete: Sina, Bi. Ni sufuria.