Momenti ya maji kwenye bawaba ya lango lililolala: fomula ya kitovu cha presha, kugawa presha vipande, au intigresheni?

kina_kirefu
Wakuu salaam. Nina lango la mstatili limezama lote, upana 1.5 m, urefu wake ukipima kufuata mwinamo ni 4 m, limelala nyuzi 30 kutoka usawa. Bawaba iko ukingo wa juu na ukingo huo uko 2 m chini ya uso wa maji, ukingo wa chini uko 4 m. Maji yako juu ya lango tu, nyuma yake hewa, na juu ya maji pia ni hewa ya kawaida. Nataka momenti ya maji kwenye bawaba, maana baadaye kuna kamba inanyanyua ukingo wa chini na lazima nijue itavutwa kwa nguvu gani.

Nimeona watu wanatumia njia tatu. Kuna wanaotafuta kitovu cha presha kwa fomula halafu wanazidisha na nguvu, kuna wanaogawa mchoro wa presha vipande viwili, na kuna wanaofanya intigresheni moja kwa moja kwenye bawaba. Zote nimeambiwa zinatoa jibu lilelile, sawa, lakini ipi ni ngumu kukosea? Hilo ndo swali langu.

chuma_moto
Mbona unajipa kazi mkuu. Presha ya maji inakua na kina, mchoro wake ni pembetatu, na pembetatu kitovu chake kiko theluthi mbili kutoka juu. Theluthi mbili ya 4 ni 2.67 m kutoka kwenye bawaba. Nguvu ni presha ya katikati mara eneo, 9.81 × 3 × 6 = 176.58 kN. Zidisha unapata kama 471 kNm, umemaliza.

Bi_Mizani
Nguvu umeipata sawasawa chuma_moto, katikati ya lango kina ni 3 m na eneo ni 6 m², hapo hakuna ubishi. Ila theluthi mbili inafanya kazi pale tu uso wa maji unapogusa ukingo wa juu wa lango. Hapa bawaba yenyewe iko chini ya maji 2 m, yaani lango linaanza likiwa tayari limebeba 19.62 kPa pale juu na linaishia na 39.24 kPa chini. Hiyo siyo pembetatu, ni trapeza, na trapeza inavuta kitovu kirudi juu kuelekea katikati.

Ndiyo maana mimi kina_kirefu ningekwambia ugawe vipande. Kipande cha kwanza ni ile presha ya juu, 19.62 kPa, ambayo iko lango zima bila kubadilika, kwa hiyo nguvu yake 19.62 × 6 = 117.72 kN inakaa katikati kabisa, 2 m kutoka bawaba. Momenti yake 235.44 kNm. Kipande cha pili ni kile kinachoongezeka kutoka sifuri pale juu hadi 19.62 kPa chini, wastani wake nusu, nguvu 58.86 kN, na hiki ndo pembetatu ya kweli ya chuma_moto, kinakaa 2.667 m kutoka bawaba, momenti 156.96 kNm. Jumlisha: 392.4 kNm.

Nguvu zote mbili zikijumlishwa zinarudi 176.58 kN ileile, na ukigawa 392.4 kwa 176.58 unapata 2.222 m. Hapo ndo kilipo kitovu cha presha, sentimita 22 chini ya katikati ya lango. Ona tofauti na 471, ni zaidi kwa asilimia 20, mtu atanunua kamba na winchi kubwa bila sababu.

kokotoa
Naheshimu njia ya vipande ila fomula ni mstari mmoja bana, na ukishaizoea huiachi:

```
yp = yc + I / (yc * A)
```

I ya mstatili huu kuzunguka katikati yake ni 1.5 × 4³ / 12 = 8 m⁴. Sasa sikiliza hapa maana ndipo watu wengi wanapopotea: hiyo `yc` siyo kina cha wima. Inapimwa kufuata mwinamo, kuanzia pale ambapo lango lingekutana na uso wa maji kama ungelirefusha hadi juu. Kina cha katikati ni 3 m, gawa kwa sin 30, unapata 6 m. Basi 8 / (6 × 6) = 0.222 m, kaongeze kwenye 2 m, ni 2.222 ileile ya Bi_Mizani.

Ukiweka 3 badala ya 6 unapata 0.444, momenti inakuwa karibu 432 kNm, na ubaya wake ni kwamba namba hiyo haikushtui. Kitovu cha presha cha mstatili uliozama wote lazima kiwe kati ya katikati na theluthi mbili, hapa kati ya 2 na 2.667, na 2.444 iko humohumo ndani, kwa hiyo ukiangalia kwa macho tu unaona mambo safi kabisa.

Bi_Mizani
Na ndo hoja yangu hiyo ndugu yangu. Kwenye vipande hakuna mahali unahitaji kurefusha lango hadi kwenye uso wa maji wala kukumbuka `yc` inapimwa wapi. Kina cha wima unakitumia kwa presha, urefu wa mwinamo unautumia kwa mkono wa momenti, vitu viwili havikutani kwenye fomula moja vikakuchanganya.

tangi_bluu
Samahani naingilia, mimi lango langu liko kwenye tangi lililofungwa, vipimo vinafanana na hivi tuseme, ila juu ya maji kuna hewa imesukumwa, geji inasoma 20 kPa. Nilikuwa nachukua mkono wa fomula, 2.222, nazidisha na nguvu yote pamoja na ile ya hewa. Nguvu yote ni 176.58 + 120 = 296.58, kwa hiyo momenti 659 kNm. Hii si ndo sawa? Au presha ya hewa haihesabiwi kwa sababu lango ni la maji?

kokotoa
Inahesabiwa, tena vizuri sana, lakini mkono wa 2.222 ni wa maji peke yake. Ukiwa na hewa inayosukuma, uso wa maji si mahali presha ni sifuri tena, na fomula inataka uanze kupima pale presha ingekuwa sifuri. 20 kPa ni sawa na maji 2.04 m, kwa hiyo jifanye uso umepanda hapo, kina cha katikati kinakuwa 5.04 m, `yc` karibu 10.08, na kitovu kinashuka sentimita 13 tu chini ya katikati badala ya 22.

Bi_Mizani
Au bila kujifanya chochote tangi_bluu: hewa inasukuma sawasawa lango zima, 20 × 6 = 120 kN katikati, momenti 240 kNm, ongeza kwenye 392.4, jumla 632.4. Umemaliza. Ile 659 yako imezidi kwa sababu uliipa hewa mkono wa maji.

Na ukiwa na maji pande zote mbili ndo vipande vinang'aa zaidi. Kina_kirefu, chukua lango lako hilo na useme nyuma yake maji yamepanda hadi 0.8 m juu ya bawaba. Tofauti ya presha inakuwa ya 1.2 m ya maji na ni ileile kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo nguvu inayobaki ni 70.6 kN na inakaa katikati kabisa, 2 m, momenti 141 kNm. Ukiwa na fomula inabidi uifanye mara mbili, kila upande na kitovu chake, halafu utoe. Ila hii ni pale maji ya nyuma yamefunika lango lote, yakiishia katikati ya lango mchoro unabadilika na lazima uukate upya.

msumari_wa_nne
Mimi bado niko na intigresheni, kwa sababu haijali chochote. Chukua s kama umbali kutoka bawaba kufuata lango, kina mahali hapo ni 2 + 0.5s, zidisha na s tena kwa ajili ya mkono:

```
M = 9.81 * 1.5 * ∫(2 + 0.5 s) s ds,  s = 0 hadi 4
  = 14.715 * (16 + 10.667) = 392.4 kNm
```

Sikutafuta kitovu cha presha kabisa. Swali lilikuwa momenti, kitovu ni hatua ya katikati tu ambayo mtu anaweza kuiruka. Na siku lango likiwa trapeza au duara, upana unauweka ndani kama kitu kinachobadilika na s na unaendelea. Vipande vya Bi_Mizani hapo vinaanza kusumbua.

chuma_moto
Sawa, trapeza nimekubali. Lakini lango limezama, kwa hiyo si mnatakiwa mtoe na nguvu ya maji kulielesha? Chuma kwenye maji kinakuwa chepesi.

Bi_Mizani
Hapana, siyo hapa. Maji huelesha bamba kwa sababu yanasukuma zaidi chini yake kuliko juu yake. Nyuma ya lango hili kuna hewa, hakuna maji ya kusukuma kutoka huko, na presha ya upande wa juu tumeshaihesabu yote. Ukitoa tena unakuwa umetoa kitu ambacho hakipo. Uzito wa lango unautumia wote.

kina_kirefu
Asanteni sana, vipande vimenikaa. Nimeendelea hivi: lango lina kilo 1000, uzito 9.81 kN, mkono wake ni ule wa usawa, 2 × cos 30 = 1.732 m, momenti 17 kNm, na kwa kuwa maji yako juu, uzito na maji vinakandamiza upande mmoja. Jumla 409.4 kNm. Kamba ikivuta pembe mraba na lango ni 409.4 / 4 = 102 kN, lakini yangu inapanda wima kutoka ukingo wa chini, mkono wake 3.464 m, kwa hiyo 118 kN. Niko sahihi?

kokotoa
Uko sahihi kwa sekunde ile lango linaanza kung'oka kwenye kiti chake. Likishafunguka kidogo maji yanaingia nyuma na kuanza kutembea, presha ya kutulia haikupi jibu tena.

msumari_wa_nne
Na hiyo 118 haina msuguano wa bawaba wala mpira wa kuzibia kushika kwenye kiti. Mpira ukikaa miezi bila kufunguliwa unaganda.

kina_kirefu
Basi niongeze asilimia ngapi kwa huo mpira?

Bi_Mizani
Asilimia ya kichwani sikupi. Msuguano wa bawaba unahesabika, nguvu ya bawaba unaijua na kipenyo cha pini unacho, anza na huo. Mpira inategemea aina yake na umebanwa kiasi gani, hapo ningetaka namba ya aliyeutengeneza.

chuma_moto
Mimi naongeza robo kila siku na haijawahi kuniangusha.

kokotoa
Robo ya nini, ya maji au ya jumla? Na malango yako yalikuwa na mpira pande zote nne au chini tu?