Ganda jepesi: chokaa ya unga au makombe ya chenga?

Mfugaji_Mbagala: Wakuu, habarini. Nina kuku wa mayai 200, wana wiki 68. Tangu joto la Februari lianze, kwenye trei tano sikosi mayai 18 yenye ufa, na mengine ukiyashika yanabonyea. Dukani kuna chokaa ya unga na makombe ya baharini yaliyovunjwavunjwa, ila makombe bei yake imechangamka. Nichukue kipi?

BabaKuku: Chukua chokaa, kalsiamu ni ileile. Mwaga ndoo nzima kwenye chakula.

Afisa_Moro: Kalsiamu ni ileile kweli, lakini ndoo nzima hapana, mkuu. Chokaa ikizidi, chakula kinakuwa vumbi na kuku wanakisusa. Tofauti iko kwenye muda. Ganda linajengwa zaidi usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Unga unapita tumboni haraka. Chenga za ukubwa wa punje ya mtama zinabaki kwenye firigisi, zinayeyuka polepole mpaka alfajiri. Mfugaji, wanakula kilo ngapi kwa siku?

Mfugaji_Mbagala: Zamani 23, sasa 19.

Afisa_Moro: Basi kila kuku anapata gramu 95 tu. Hata chakula kiwe kizuri namna gani, kalsiamu imepungua karibu moja ya sita. Tena kuku anapotweta kwa joto anapoteza kabonidioksidi, na damu inapungukiwa kitu ambacho ganda linakihitaji. Wape chakula alfajiri kabla jua halijawa kali. Saa kumi jioni tandaza kilo 1 ya chenga juu ya chakula, yaani gramu 5 kwa kuku. Umri lakini hauna dawa: yai linakuwa kubwa, kalsiamu ya ganda inabaki karibu ileile, kwa hiyo ganda linakuwa jembamba.

MamaTausi: Na wangu wa kienyeji wanaodonoa mayai yao, niwape makombe pia?

Jirani_Kibaha: Wape, dada, ila okota mayai mapema, wakishazoea ni kazi kuwaachisha. Mfugaji, vunja yai moja kwenye sahani kabla hujanunua chochote. Mwaka jana nilihangaika na chokaa wiki mbili. Ganda lilikuwa na mikunjo, rangi ya kahawia imepauka, ute unatiririka kama maji, na kutoka trei tisa nikabaki na tano ndani ya siku chache. Kumbe ni bronkaitisi. Makombe yasingenisaidia.

Mfugaji_Mbagala: Nimevunja matatu sasa hivi. Ute umesimama vizuri kuzunguka kiini, rangi haijabadilika, na idadi haijashuka. Nachukua chenga.

BabaKuku: Wiki 68? Mimi ningewauza kabla sijanunua makombe.

Afisa_Moro: Mimi ningesubiri. Hesabu yenye ufa kila siku kwa wiki mbili. Yakipungua, kasoro ilikuwa joto na ulishaji. Yakibaki 18, angalia na viota: yai linaloangukia sakafu ngumu linapasuka hata ganda likiwa zima.

Mfugaji_Mbagala: Viota vyangu vina maranda kidogo sana, kweli. Naongeza leo.